Ukurasa wa Steam kwa gemu ndogo: anza na picha ya upana wa pikseli 120

Mchezaji hakutani kwanza na ukurasa wako kwenye duka la Steam. Anakutana na kipicha chenye jina la gemu katikati ya vipicha vingine ishirini, kwenye matokeo ya utafutaji au kwenye orodha ya gemu zijazo. Akikibonyeza ndipo trela na skrinshoti zinapata nafasi ya kumfanya abonyeze "Add to your wishlist". Kwa hiyo mwongozo huu unafuata njia yake yeye.

Mfano tutakaoutumia ni gemu ndogo ya kubuni iitwayo Usiku wa Mukene: mvuvi anatoka na mtumbwi usiku kwenye Ziwa Viktoria, anawasha karabai, mukene, yaani dagaa wa ziwa hilo, wanakusanyika kwenye mwanga, anavuta wavu, na alfajiri anauza mwaloni, pale ufukweni samaki wanaposhushwa.

1. Fungua akaunti

Lipa dola 100 za Steam Direct, ada ya kuingiza gemu dukani, na ujaze fomu za kodi na benki. Tangu siku ya kulipa, gemu haiwezi kutoka kabla ya siku 30, na ukurasa wa "Coming Soon" lazima ukae hadharani angalau wiki mbili. Wiki mbili hizo ni kima cha chini cha kanuni tu. Kwa gemu ndogo, uweke miezi kadhaa mapema, mara tu unapokuwa na dakika moja ya mchezo inayopendeza.

2. Kipicha chenye jina (hapa ndipo utakapokaa muda mrefu)

Steam inakiita kapsuli, na inakitaka kwa vipimo vingi. Ile ya juu ya ukurasa, "Header Capsule", ni 920x430. Inayoamua mambo ni "Small Capsule": unaipakia kwa 462x174, kisha Steam yenyewe inaipunguza hadi 184x69 na 120x45. Wachoraji wengi huchora ile kubwa, wakaibana mpaka iingie kwenye ndogo, na jina likabaki ukungu.

Piga hesabu kabla ya kuchora. Kutoka 462 hadi 120 picha inapungua karibu mara nne, hivyo mstari wa herufi wenye unene wa pikseli 4 unabaki na pikseli 1, yaani umepotea. Unene wa 8 ndio mwisho wa kushuka. "Usiku wa Mukene" kwa mstari mmoja ina nafasi 15 za herufi. Gawa 120 kwa 15, kila herufi inapata pikseli 8 pamoja na pengo lake. Haitasomeka. Ivunje mistari miwili, USIKU WA juu kwa herufi ndogo na MUKENE chini kwa herufi kubwa zinazojaza upana, na kila herufi ya MUKENE inapata karibu pikseli 18. Kwenye kapsuli hii ndogo jina lijaze karibu nafasi yote. Mvuvi na mtumbwi waache kwenye zile kubwa.

Tatizo la pili ni rangi. Usiku ziwani ni buluu nzito, na duka la Steam nalo lina buluu nzito nyuma yake. Kapsuli yenye buluu hiyo inamezwa hata ikiwa imechorwa vizuri sana. Kwenye mfano wetu dawa ni karabai: mwanga wake wa manjano uchukue nusu ya picha, na jina liandikwe kwa rangi nyeusi juu ya manjano hayo. Usiongeze nyota, mwezi wala mawimbi.

Kukuza picha kwenye programu ya kuchora kunadanganya jicho, kwa hiyo jaribu kwa kipimo halisi. Ukiwa na programu ya ImageMagick, amri hii inapunguza kapsuli na kuizungushia rangi ya duka:

```
magick kapsuli.png -resize 120x45 -bordercolor "#1b2838" -border 40 jaribio.png
```

Ifungue kwa asilimia 100, umpe mtu asiyeijua gemu aitazame kwa sekunde moja, kisha umuulize jina. Akisitasita, rudi kwenye herufi kabla ya kugusa kitu kingine.

Mchoro mkuu uhifadhiwe kwa tabaka: mandhari peke yake, mhusika peke yake, jina peke yake. Kapsuli ya wima, 748x896, haikatwi kutoka kwenye ya mlalo; inapangwa upya. Ukipokea faili moja lililobanwa tabaka zote, utalipia mchoro mara mbili. Na usiandike chochote zaidi ya jina la gemu: maneno ya tuzo, sifa za wakaguzi au punguzo la bei hayaruhusiwi kwenye kapsuli.

3. Skrinshoti

Zinatakiwa angalau 5, na zipige kwa 1920x1080. Zitoke ndani ya mchezo wenyewe, si michoro ya matangazo. Nne za kwanza ndizo za kuchagua kwa makini, maana hizo hupita mbele ya mtu anayesogeza kishale tu bila kufungua ukurasa.

Gemu ya usiku huwa na kosa moja: picha zote nne ni buluu na zinaonekana kama picha moja. Panga hivi: wavu ukipanda chini ya karabai, soko la mwaloni alfajiri, dhoruba yenye radi, na skrini ya kununulia wavu na injini. Hiyo ya mwisho usiiache. Anayependa gemu za kujenga maisha ya mhusika anatafuta vitufe na namba; ukivificha anadhani ni gemu ya kutembea tu.

4. Trela

Sekunde 45 hadi 60. Nembo ya studio isikae mwanzoni, na maandishi meupe juu ya weusi yasikae kabisa. Sekunde 0 hadi 3: karabai inawaka na samaki wanajaa. Hadi 12: mchezaji anatupa wavu na kuuvuta. Hadi 25: anauza, anaongeza vifaa, mtumbwi unakuwa mkubwa. Hadi 45: hatari za ziwani, moja baada ya nyingine kwa kasi. Mwisho jina. Itazame bila sauti. Wengi huanza hivyo.

Rekodi kwa programu ya OBS, na uchague faili la mkv badala ya mp4 ya kawaida. Umeme ukikatika katikati, mkv inabaki na kila kilichokwisha kurekodiwa, ila mp4 ya kawaida huharibika yote. Baadaye igeuze kwa "Remux Recordings". Toleo la mwisho litoe kwa programu ya ffmpeg:

```
ffmpeg -i trela.mov -c:v libx264 -b:v 20M -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 320k trela.mp4
```

Sekunde 60 kwa kiwango hicho ni kama MB 150, bando la kawaida linatosha. Usishushe sana ili kuokoa bando: Steam inaibana tena, na giza la ziwa litatoka na mabaka ya miraba.

5. Maelezo mafupi na tagi

Sentensi mbili, zianze na kitendo cha mchezaji: "Washa karabai, kusanya mukene, uza mwaloni kabla jua halijawaka." Historia ya ulimwengu wa gemu ishuke chini. Tagi jaza zote 20, na tano za kwanza zitaje aina ya mchezo, si hisia.

6. Soma namba

Kila kiungo unachosambaza kipe alama yake:

```
https://store.steampowered.com/app/NAMBA/?utm_source=tiktok
```

Kwenye ripoti za Steamworks, tovuti ya Steam kwa watengenezaji wa gemu, linganisha mara ambazo kapsuli imeonekana na mara ambazo ukurasa umefunguliwa. Imeonekana sana lakini haifunguliwi: kosa liko kwenye kapsuli au tagi. Unafunguliwa lakini wishilisti haziongezeki: angalia sekunde kumi za kwanza za trela na skrinshoti nne za mwanzo. Badilisha kitu kimoja tu, kisha uache wiki mbili zipite kabla ya kugusa kingine, la sivyo hutajua kipi kimesaidia.