Wastani mmoja, vituo viwili: kuchagua grafu ya damu za wajawazito

Assalam alaykum. Wiki iliopita kijana mmoja wa takwimu kanitumia ripoti yake ya kliniki ya wajawazito aniangalilie, nikaona kafanya kosa lile lile nililolifanya mimi nilipoanza kazi hapa Pemba, basi nikasema niandike moja kwa moja na wengine wafaidike. Fungua Excel ufate na mimi. Namba nimezibadilisha na nimezipunguza ili tuweze kuhesabu kwa mkono, si za kituo chochote.

Tuna vituo viwili, kila kimoja wajawazito 11 waliopimwa damu, kipimo ni gramu kwa desilita:

```
A: 10.2 10.4 10.5 10.6 10.7 10.8 10.9 11.0 11.1 11.2 11.4
B: 6.8 8.4 8.9 9.2 11.6 11.7 11.9 12.2 12.4 12.6 13.1
```

Hatua ya 1: usianze na nguzo za wastani

Jumlisha A ugawe kwa 11 unapata 10.8. Jumlisha B, 10.8 vilevile. Sasa mimi zamani nilichora nguzo mbili, zikalingana sawasawa, nikaandika chini yake "hakuna tofauti baina ya vituo" nikaenda nayo kikaoni nimejiamini kweli. Nesi mmoja mtu mzima, kazeekea wodi ya wazazi, kaiangalia ile karatasi kaniambia, "Mwanangu, na yule mwenye sita yuko wapi humu?" Nikakosa la kujibu. Hakuwemo, nguzo ilikuwa imemmeza.

Na mwenye 6.8 si mtu wa kumezwa. Kwa mjamzito chini ya 11 kwa kawaida ndo tunaita upungufu wa damu (ingawa WHO mwaka 2024 walishusha mpaka 10.5 kwa miezi mitatu ya kati), na chini ya 7 ni upungufu mkali. Ukihesabu, A ina watu 7 chini ya 11 lakini wote wamepungukiwa kidogo tu, B ina 4 tu lakini hali zao ni mbaya zaidi na mmoja ni wa kukimbizwa hospitali. Vituo viwili tofauti kabisa, nguzo ile ile.

Hatua ya 2: chora histogramu, na uangalie sana upana wa vikapu

Histogramu inapanga watu kwenye vikapu, wa 6 mpaka 7 kikapu chao, wa 7 mpaka 8 chao, unaona wamekusanyika wapi. Kwenye Excel chagua safu yako moja, Insert, kisha Histogram (ipo kuanzia toleo la 2016). Kwenye R, ile programu ya takwimu, ni hivi:

```
b <- c(6.8,8.4,8.9,9.2,11.6,11.7,11.9,12.2,12.4,12.6,13.1)
hist(b, breaks=6:14, right=FALSE)
```

Kikapu cha upana wa 1 kinakuonesha B ina vilima viwili, wanne huku chini, saba kule juu, na baina ya 10 na 11 hamna mtu hata mmoja. Sasa weka vikapu vya upana wa 4, yaani 6 mpaka 10 na 10 mpaka 14. Unapata nguzo mbili, 4 na 7, lile pengo limepotea na yule wa 6.8 kakaa kundi moja na wa 9.2. Data haijabadilika, umebadilisha upana tu. Mimi huchora mara tatu kwa upana tofauti, umbo likibaki lile lile naliamini, likigeuka kila mara najua watu ni wachache mno na bora nioneshe nukta moja moja.

Vilima viwili vikitokea uliza ni makundi gani mawili yamechanganyika. Katika mfano wetu chukulia wale wanne ndo kwanza wanahudhuria na wale saba wameshakunywa vidonge vya madini chuma miezi kadhaa. Ikiwa hivo tenganisha, kila kundi na histogramu yake.

Kuna mtego mmoja hapo unaopita kimyakimya. Ile `right=FALSE` si pambo. Ukiiacha, R inamtia mwenye 11.0 kamili katika kikapu cha 10 mpaka 11, na Excel nayo kwa kawaida inafanya hivo hivo. Kwa kituo A utahesabu watu 8 badala ya 7, yaani umempa mtu upungufu wa damu asiokuwa nao.

Hatua ya 3: boksi ploti ukiwa na vituo vingi

Vituo viwili histogramu zinatosha, ila wilaya nzima ina vituo kumi na kitu, huwezi kumtandazia bosi histogramu kumi na tano. Hapo ndo boksi. Panga namba za B kutoka ndogo, ya sita ni 11.7, huo ni mstari wa katikati. Ya tatu ni 8.9, chini ya boksi. Ya tisa ni 12.4, juu ya boksi. Kama nusu ya watu wamo humo ndani, na mikia inafika 6.8 na 13.1. Boksi la A ni fupi, 10.5 mpaka 11.1. Ukiyaweka ubavu kwa ubavu tofauti unaiona ukiwa mlangoni.

R ikikupa 9.05 badala ya 8.9 usihangaike, programu zina njia tofauti za kukata robo, we tumia programu moja ripoti nzima.

Lakini boksi lina ila yake, halioni vilima viwili. Mtu akitazama boksi la B atadhani wamejaa pale katikati kwenye 10 na kitu, kumbe ndo pengo lenyewe. Kwa hiyo histogramu unachora kwanza kwa macho yako mwenyewe hata kama kwenye ripoti utaweka boksi.

Hatua ya 4: grafu ya mstari, kwa miezi tu

Mstari unaunganisha nukta, na kuunganisha maana yake moja imefata nyengine. Usiunganishe Wete, Chake na Mkoani kwa mstari, hakuna safari baina yao. Weka Januari, Februari, Machi, na asilimia ya waliokuwa chini ya 11.

Mwezi ambao vipimo viliisha na hamkupima mtu, acha kisanduku kitupu. Ukiandika 0 mstari utaporomoka mpaka chini kama vile kisiwa kizima kimepona, kisha mwezi unaofata "maradhi yanarudi". Bonyeza kulia kwenye grafu, Select Data, halafu Hidden and Empty Cells, chagua Gaps, mstari utakatika pale na msomaji ataelewa.

Chini ya kila mwezi andika waliopimwa ni wangapi. Watu 24 katika 60 ni asilimia 40, mwezi wa Ramadhani wakaja 9 tu na 5 wakawa chini, ni asilimia 56, grafu inapanda kama mnazi na wakubwa wanaanza kupiga simu. Wangekuwa wanne badala ya watano ingekuwa 44. Mtu mmoja tu huyo.

Hatua ya 5: kabla hujatuma, tazama mhimili unaanza wapi

Mstari unaweza kuanza popote panapofaa ilimradi uandike wazi, maana jicho linasoma mteremko. Nguzo lazima ianze sifuri kwa sababu jicho linasoma urefu wake. Chukua wastani wa 10.8 na 11.1, anzisha mhimili kwenye 10.7, nguzo ya pili inakuwa ndefu mara nne ya mwenzake kwa tofauti ya 0.3. Na mara nyengine si mtu kakusudia, namba zikikaribiana Excel yenyewe inaweza kuukata mhimili. Bonyeza mara mbili kwenye mhimili, pale Minimum andika 0.