Bajeti milioni 10, usianze na mradi wenye fahirisi kubwa

Mwenye biashara ya samaki hapa Mombasa ana milioni 10 tu, na miradi mitatu isiyogawanyika. Huwezi kununua nusu lori. Chumba cha baridi Likoni ni milioni 6, na thamani halisi ya sasa, yaani faida kwa fedha za leo baada ya kutoa mtaji, ni milioni 2.4. Lori la barafu ni milioni 5, thamani 1.75. Mashine ya barafu nayo milioni 5, thamani 1.6.

Gawanya thamani kwa mtaji upate fahirisi ya faida: 0.40, 0.35, 0.32. Ukifuata mpangilio huo utachukua chumba cha baridi, kisha milioni 4 zinazobaki hazitoshi kitu kingine. Umepata 2.4. Lori na mashine pamoja zinamaliza milioni 10 na kuleta 3.35!

Fahirisi inafaa pale mradi unapoweza kukatwa vipande. Usipokatika, andika kila mseto unaoingia kwenye bajeti, jumlisha thamani zake, chagua jumla kubwa. Na zile milioni 4 ukiziweka benki kwa riba iliyo chini ya gharama yako ya mtaji, thamani yake ni hasi, kwa hiyo usizihesabu kama faida.