SOMO: Kuunga klipu za vyumba viwili tofauti zisikike kama zimerekodiwa sehemu moja

Habari wakuu. Watu wengi hapa Tanga wanaorekodi simulizi za wazee wanakwama kwenye hili kwahiyo naeleza kwa mfano mmoja. Mzee anasimulia maisha ya mashamba ya mkonge, nusu amerekodiwa sebuleni Raskazone, chini vigae, madirisha hayana pazia, feni ya dari inavuma. Nusu nyingine kamalizia Makorora chumbani, kuna godoro, nguo, pazia nzito, na simu ilikuwa karibu na mdomo. Ukiziunga hivihivi pale kwenye kiungo msikilizaji anashtuka, kama mzee kabadilishwa.

Kitu cha kwanza, usikimbilie volyumu. Tafuta klipu ipi haiwezi kubadilika. Mwangwi wa sebuleni ukishaingia kwenye rekodi kuutoa ni shughuli pevu na sauti inaharibika, ila kuongeza mwangwi kidogo kwenye klipu kavu ni rahisi. Kwahiyo hapa sebule ndo bosi, chumba ndo kinasogezwa kuifuata. Natumia Audacity, ya bure, kila klipu naiweka kwenye traki yake.

Hatua ya 1, rangi ya sauti. Chukua sentensi moja ya sebuleni na moja ya chumbani, zipige moja baada ya nyingine kwa hedifoni. Ya chumbani huenda ikasikika ina besi nzito, maana godoro, nguo na pazia vinameza sauti za juu kuliko besi. Fungua Filter Curve EQ, shusha kuanzia 100 mpaka 250 Hz kama desibeli 3 au 4, sikiliza tena. Usiendelee kushusha mpaka mzee anakuwa mwembamba kama anaongea kwenye simu ya zamani.

Hatua ya 2, mwangwi. Klipu ya chumbani ipe Reverb, anza na Room Size 30, Reverberance 30, Wet Gain -15, halafu punguza au ongeza hiyo Wet Gain. Sikiliza mwisho wa maneno, pale mzee anaposema "mkonge" akanyamaza, ule mkia wa sauti ufanane na wa sebuleni. Ukiusikia mwangwi wazi umezidisha.

Hatua ya 3 ndo ukubwa wa sauti, na inakuja hapa kwa sababu hizo mbili za juu zote zinaubadilisha. Tumia Loudness Normalization, klipu moja moja, mimi naweka -19 LUFS kwa mono, cha msingi namba na tiki zote ziwe zilezile kwa zote mbili.

Hatua ya 4 wengi wanairuka, na kwangu ndo yenye uzito kuliko zote. Sikio linashtushwa zaidi na ule ukimya wa nyuma kubadilika ghafla, feni ilikuwa inavuma mara kimya. Tafuta sebuleni mahali mzee katulia, sekunde 8 au 10 zisizo na pumzi wala kiti kulia, kopi, zirudie kwa Repeat kwenye traki ya tatu chini ya klipu yote ya chumbani. Kopi baada ya hatua ya 3, maana ukiipandisha sebule na feni inapanda nayo. Sasa sauti ya mzee ikate fupi kabla hajavuta pumzi, ila mvumo wa feni uingie taratibu, uanze kama sekunde 2 kabla sebule haijaisha, na sebule nayo izimike taratibu.

MASWALI

— Mkuu nimetumia Normalize ya kawaida zote -1 lakini moja bado iko chini sana, shida nini?

Hiyo inapima kilele tu. Kama mlango umebamizwa mara moja kwenye klipu, programu inauhesabu mlango, maneno yanabaki chini. Kata huo mlango au ushushe peke yake, halafu tumia Loudness Normalization.

— Kwanini tusiitoe tu hiyo feni kwa Noise Reduction?

Unaweza ila kidogo, desibeli 6 hivi. Ukienda 20 na kuendelea sauti inaanza kububujika kama iko majini na herufi s zinakufa, na mwangwi bado upo palepale.

— Mimi feni yangu inasikika inajirudiarudia, tik tik kila baada ya muda.

Kipande ulichokopi ni kifupi au kina kitu ndani yake, labda ndege au pikipiki ya mbali. Tafuta kirefu zaidi, na kila kiungo cha marudio kiunge kwa kufifisha badala ya kugonganisha.

— Na kama chumba kimoja kina mvua ya bati?

Hapo hakuna EQ itakayokuokoa kaka, mvua inafunika maneno yenyewe. Rudi kwa mzee mrekodi upya hicho kipande, na safari hii kabla hamjaanza kuongea nyamazeni wote sekunde 30 simu ikiwa inarekodi, huo ukimya utakuja kuuhitaji kwenye hatua ya 4.