Mstatili Wenye Eneo Kubwa Kuliko Yote Ndani ya Nusu Duara

Tuna nusu duara yenye nusu kipenyo cha sentimita 10. Tunataka kuchora ndani yake mstatili ambao upande wake mmoja umelala juu ya kipenyo na pembe zake mbili za juu zinagusa tao, na tunauliza ni mstatili upi wenye eneo kubwa kuliko yote. Wengi hulipata jibu. Wanapopoteza alama ni pale wanapoacha kuonyesha kwa nini hilo ndilo kubwa, kwa hiyo nitalikalia zaidi suala hilo.

Hatua ya 1: Chora, kisha chagua herufi. Weka kitovu cha duara katikati ya kipenyo, na uite x umbali kutoka kitovu hadi pembe ya chini ya kulia ya mstatili. Ukiunganisha kitovu na pembe ya juu ya kulia, unapata pembetatu yenye pembe mraba ambayo upande wake mrefu ni 10, hivyo kwa kanuni ya Pithagoras kimo cha mstatili ni kipeuo cha pili cha 100 − x². Upana wote ni 2x, wala si x, kwa sababu mstatili umeenea sawasawa pande zote mbili za kitovu.

```
A(x) = 2x√(100 − x²)
```

Atakayependa kuita upana wote w anaruhusiwa, lakini kimo chake kitakuwa √(100 − w²/4). Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kuchanganya njia hizi mbili: mtu anauita upana wote x, kisha anaandika kimo √(100 − x²). Ukitaka kujua kama umeteleza hapo, chukua nusu ya upana uliopata na kimo chako, jumlisha miraba yake, na uone kama unapata 100.

Hatua ya 2: Taja kikoa kabla ya kukokotoa chochote. Kwa kuwa x ni umbali, haiwezi kuwa hasi, na kwa kuwa pembe haiwezi kutoka nje ya kipenyo, x haizidi 10. Kikoa ni 0 ≤ x ≤ 10. Katika ncha zake mstatili unasinyaa na kuwa mstari tu, lakini tunaziingiza kwa makusudi, maana grafu isiyokatika juu ya kikoa chenye ncha zake zote mbili lazima iwe na kilele mahali fulani, ama ndani ya kikoa ama kwenye ncha.

Hatua ya 3: Tafuta mahali mteremko wa grafu unapokuwa sifuri. Kwa kanuni ya zao, baada ya kurahisisha, mteremko ni huu:

```
A'(x) = 2(100 − 2x²) / √(100 − x²)
```

Kiasi kinakuwa sifuri x² ikiwa 50, yaani x = 5√2 au x = −5√2. Hilo la pili liko nje ya kikoa, tunaliacha. Asili nayo inakuwa sifuri x ikiwa 10, kwa hiyo mteremko haupo hapo. Hata hivyo 10 ni ncha ya kikoa, na tutaipima katika hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Pima thamani zote tatu.

```
A(0)   = 0
A(5√2) = 2 · 5√2 · 5√2 = 100
A(10)  = 0
```

Eneo kubwa kabisa ni sentimita za mraba 100. Upana ni 10√2, karibu sentimita 14.14, na kimo ni 5√2, karibu sentimita 7.07, hivyo upana ni mara mbili ya kimo. Kwa nusu kipenyo r chochote, eneo hilo ni r² kamili.

Hatua ya 5: Badilisha sharti, uone kazi ya ncha. Katika swali letu ncha zilitoa sifuri, na ndiyo maana wengi huziona kama desturi tu ya kujaza karatasi. Sasa tuongeze sharti kwamba kimo kisipungue sentimita 8. Hapo 100 − x² haipungui 64, kwa hiyo x haizidi 6, na kikoa kimekuwa 0 ≤ x ≤ 6. Lile jibu la 5√2 limetupwa nje, na ndani ya kikoa kipya hakuna mahali ambapo mteremko ni sifuri. Anayekimbilia kusawazisha mteremko na sifuri bila kutazama kikoa ataandika tena 100, ilhali mstatili wake una kimo cha 7.07 na umevunja sharti.

Tunapima ncha peke yake: A(0) = 0 na A(6) = 2 · 6 · 8 = 96. Mteremko kwenye x = 6 ni 2(100 − 72)/8 = 7, yaani eneo lilikuwa bado linapanda pale kikoa kilipolikatiza, na ndiyo sababu kilele kimeangukia kwenye ncha. Jibu ni mstatili wenye upana wa sentimita 12 na kimo cha sentimita 8.