Soma kile kilichoshikana na namba kwanza

Kwa wanaojiandalia mtihani wa permi hapa Goma: picha ya kibao cha barabarani ikiwa na namba nyingi, usianze na namba, angalia kwanza imeshikana na nini. Namba yenye herufi ndani ya kisanduku, kama N2, ni jina la barabara. Namba iliyo kando ya jina la mji ni kilomita zilizobaki kutoka pale kibao kiliposimama. Tuseme picha ina N2, chini yake Rutshuru 70, halafu alama ya pompi ya mafuta na 500 m. Wewe uko kwenye N2, Rutshuru iko mbele kilomita 70, na mafuta utayapata baada ya mita 500. Jibu la mtego litakuwa «kilomita 2».

Njia hii inakwama kwenye kibao kidogo kinachowekwa chini ya alama. Mita zikiandikwa peke yake, ni umbali wa kufikia kitu. Zikiwa katikati ya mishale miwili inayoelekea juu, ni urefu wa kipande ambacho alama inahusu. Mishale hiyo huwa myembamba, kwa hiyo itafute kabla ya kuchagua jibu.