Gari lako limegongwa: jinsi ya kudai hasara ya kila siku bila mahakama kuikata

Mteja mmoja alikuja ofisini na pikapu iliyokuwa imelala yadi miezi saba. Ni gari la kubeba mboga kutoka Wangige hadi Marikiti. Lori liliigonga kwa nyuma, dereva wa lori akakubali kosa mbele ya polisi, na mama huyu akaamini kwamba kazi yake ni kungoja bima ya lori imlipe. Alikuwa na hesabu tayari kwenye karatasi: shilingi 6,000 kwa siku, siku 182 za kazi, jumla 1,092,000. Gharama ya kutengeneza gari lenyewe ilikuwa 180,000.

Hesabu hiyo haiwezi kupita, na sababu yake ni kanuni moja. Aliyedhuriwa ana wajibu wa kuchukua hatua za busara kupunguza hasara yake, na hawezi kulipwa hasara ambayo angeweza kuizuia. Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisema hivyo mwaka 2001 katika kesi ya African Highland Produce dhidi ya John Kisorio, na mawakili wa bima huitaja karibu kila mara gari linapodaiwa hasara ya kutotumika. Aliyekugonga analipa madhara ya ajali. Halipi miezi uliyokaa ukingoja.

Watu wengi wanachanganya jambo hili na muda wa kufungua kesi. Ni kweli sheria inakupa miaka 3 kushtaki kwa uzembe wa namna hii. Lakini hiyo ni miaka 3 ya kufika mahakamani, si ya kuacha hasara ikikua. Saa ya hasara inahesabiwa peke yake, na husimama siku ambayo mtu makini angekuwa amerudi barabarani.

Hatua zifuatazo ni za mwenye gari la biashara aliyegongwa na mtu mwingine.

Hatua ya 1: Abstrakti, ukaguzi, asesa

Chukua abstrakti kituoni, yaani karatasi ya polisi inayoonyesha ajali iliripotiwa, gari likaguliwe na polisi, kisha lipa asesa wako mwenyewe, mtaalamu wa kukadiria uharibifu wa gari. Usitegemee asesa wa bima ya upande wa pili peke yake. Hakikisha ripoti inasema mambo mawili: gharama ya kutengeneza, na siku ambazo kazi hiyo inahitaji gereji. Ripoti nyingi huacha hilo la siku, nalo ndilo litakalobeba madai yako.

Asesa akisema gharama inazidi thamani ya gari, usilitengeneze. Hapo unadai thamani yake kabla ya ajali, ukitoa bei ya mabaki, pamoja na hasara ya muda wa kawaida wa kutafuta gari jingine.

Hatua ya 2: Litoe yadi

Ukaguzi ukiisha, ondoa gari siku hiyo hiyo. Ada ya kuegesha hupanda kila usiku, na hakimu hatampa aliyekugonga mzigo wa ada ya wiki ambazo gari halikuwa na sababu ya kuwa pale.

Hatua ya 3: Barua ya notisi

Hii ndiyo hatua inayoamua kesi, kwa hiyo nitakaa hapa kwa muda.

Kama una pesa za kutengeneza, tengeneza. Utadai kiasi hicho baadaye na risiti mkononi. Wengi wanaogopa kwamba wakitengeneza watakuwa wameharibu ushahidi. Dawa yake ni kuwaandikia mwenye gari lililokugonga na bima yake kwamba gari liko gereji fulani, na kama wanataka kulikagua waje ndani ya siku 7. Piga picha kabla ya chochote kufunguliwa, na umwambie mekanika akuwekee vipuri vilivyoharibika.

Shida inakuja pale huna pesa, na wenye pikapu za mboga wengi hawana 180,000 zimekaa tu. Je, umaskini ni kisingizio? Zamani jibu lilikuwa gumu. Mwaka 1933 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kesi ya Liesbosch, mashine ya kuchimbua bandari iliyozamishwa huko Patras. Wenyewe hawakuwa na fedha za kununua nyingine, wakakodi kwa gharama kubwa, na mahakama ikakataa kuwalipa nyongeza iliyotokana na ukata wao. Mwaka 2003, katika Lagden dhidi ya O'Connor, mahakama hiyo hiyo iliuacha msimamo huo: anayemdhuru mtu humkuta alivyo, pamoja na mfuko wake. Hukumu hizo haziwafungi mahakimu wetu, lakini husomwa na huwa na uzito. Kwa hiyo hoja ya kukosa pesa ipo, ila lazima uithibitishe, na uithibitishe kwa karatasi za wakati ule ule. Kusimama kizimbani mwaka mmoja baadaye na kusema "sikuwa na pesa" hakutoshi.

Barua ninayoipendelea ni fupi na inasema hivi:

"Gari langu liligongwa na lenu tarehe fulani. Ripoti ya asesa imeambatanishwa. Gharama ni shilingi 180,000 na kazi ni ya siku 14. Gari ni la biashara na kila siku ya kazi linapokaa napoteza shilingi 2,800. Sina uwezo wa kulipa gereji kwa sasa. Taarifa ya M-Pesa na ya benki ya miezi mitatu imeambatanishwa. Naomba mlipe gereji moja kwa moja, au mlipeleke kwenye gereji yenu, ndani ya siku 14. Mkikataa au mkinyamaza nitatafuta njia nyingine, na gharama yake nitaidai kwenu."

Kila sentensi hapo ina kazi yake. Inawajulisha kwamba hasara inaendelea, inawapa nafasi ya kuizuia, inaeleza kwa nini wewe huwezi, na inaweka mwisho wa kungoja. Ipeleke kwa mkono na nakala ipigwe muhuri, au kwa barua pepe. Kupiga simu bila kuandika sikupendi kabisa. Bima itakwambia "faili iko kwa meneja" mara kumi, na hakuna hata moja utakayoweza kuionyesha hakimu.

Zikipita siku 14 bila jibu, usirudi kungoja. Tafuta mkopo wa sako, zungumza na gereji ulipe kwa awamu, au uulize chama chako. Ukikataliwa, weka ujumbe wa kukataliwa. Ukikopa kwa masharti ya kawaida, unaweza kudai gharama ya mkopo, kwa sababu gharama ya kupunguza hasara inalipwa hata kama juhudi yenyewe haikufaulu vizuri. Lakini usichukue mkopo wa simu wa riba kali wakati sako ilikuwa tayari kukupa. Hapo gharama itaonekana si ya busara.

Jambo jingine: bima yao ikijitolea kulitengeneza gari, usikatae kwa hasira. Unaweza kukataa gereji isiyo na vifaa, au ofa inayokulazimisha kutia sahihi kwamba umeachilia madai yote. Ukiwa na sababu kama hizo, ziandike. Ukikataa kwa kimya, siku zote zinazofuata ni juu yako.

Hatua ya 4: Kukodi gari jingine

Kodi kama kukodi kunapunguza hasara. Fanya hesabu kwanza. Pikapu ya mama huyu ilimwingizia 6,000 kwa siku. Mafuta 1,800, dereva 1,000, matairi na sevisi 400. Faida halisi ni 2,800, na hiyo ndiyo hasara yake ya siku, si 6,000. Gari likilala halinywi mafuta.

Angekodi pikapu yenye dereva na mafuta kwa 4,500, angeendelea kupata 6,000 na kubaki na 1,500. Hasara ingeshuka kutoka 2,800 hadi 1,300 kwa siku, na wateja wake wa Marikiti wasingehamia kwa mwingine. Kama magari ya kukodi yangekuwa 7,000, kukodi kungeongeza hasara, na hakuna anayemlaumu kwa kuacha. Kodi gari la kiwango cha lako. Aliyekuwa na pikapu hakodi Prado.

Hatua ya 5: Daftari

Hasara ya kutotumia gari ni fidia maalumu. Mahakama ya Rufaa ilisema katika Hahn dhidi ya Singh, 1985, kwamba fidia ya namna hii lazima itajwe wazi kwenye madai na ithibitishwe kikamilifu. Leta taarifa ya M-Pesa ya miezi kabla ya ajali, risiti za mafuta, na rekodi za safari. Mimi napenda kaunta buku lililoandikwa kila jioni, lenye kalamu tofauti na madoa ya chai, kuliko jedwali safi lililochapwa wiki moja kabla ya kesi. Wakili wa upande wa pili hutambua mara moja jedwali lililotengenezwa kwa ajili ya mahakama.

Hatua ya 6: Hesabu siku, kisha fungua kesi

Kwa pikapu hii tulihesabu hivi: siku 10 za polisi na asesa, 14 za kungoja jibu la notisi, 14 za gereji. Jumla 38. Toa Jumapili 5, zinabaki siku 33 za kazi. Mara 2,800 ni 92,400. Ongeza 180,000 za gereji, ada ya asesa, kulivuta gari, na yadi ya siku 10 za kwanza. Hii ni mbali sana na milioni na ushee aliyokuja nayo, na ilimuuma. Lakini notisi haikuwahi kuandikwa wakati ule, na hata hizo siku 14 za kungoja tulijua zingepingwa.

Kisheria, anayedai kwamba hukupunguza hasara ndiye anayepaswa kuthibitisha, na kipimo ni busara ya mtu wa kawaida aliyetiwa matatani na mwingine; hakimu hatakupima kwa mizani ya dhahabu. Ila kwa vitendo ushahidi huo unatoka kinywani mwako. Wakili wa bima huuliza swali moja tu: "Kuanzia mwezi wa pili hadi wa saba, ulifanya nini?" Mwenye barua hujibu kwa kufungua faili.

Madai yasiyozidi 1,000,000 hupelekwa Mahakama ya Madai Madogo. Nairobi ipo Milimani. Sheria yake ya 2016 inataka uamuzi utolewe ndani ya siku 60 tangu kufungua. Weka kila hasara kwenye mstari wake, tarehe ya kuanza na ya kuisha, na mkabala na kila mstari namba ya karatasi inayouthibitisha. Ushahidi wa simu na picha uambatane na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kilichotiwa sahihi na aliyezipiga au kuzichapa.