Picha ya kijiji isiyo na maelezo: usianze na nyumba kubwa, anza na jiko la nje

Watu wengi wakipewa picha ya kijiji cha Nyanda za Juu Kusini hukimbilia kuitazama nyumba iliyo katikati. Nyumba hiyo ndiyo inayosema machache kuliko zote. Tofali za kuchoma na paa la bati la mgongo wa tembo utavikuta Iringa, Njombe, Rungwe na hata Mbozi, kwa sababu mwenye nyumba akipata fedha ya mavuno hununua vitu vilevile. Bati za rangi, hizi tunazoita za msauzi, hukuambia tu kwamba picha si ya zamani.

Ukitaka kujua mahali, tafuta kilichojengwa bila kununuliwa: jiko la nje, banda la kuku, choo, ua. Huko fundi ni mwenye nyumba na vifaa ni vile vilivyoota au kutupwa jirani. Nitaonyesha njia hii kwa picha moja ambayo ndugu wa familia moja walibishania. Ni ya rangi, ya enzi za filamu: mlima wa chai nyuma, nyumba ya tofali mbele, watoto wamesimama uani. Wengine walisema ni Mufindi, mkoani Iringa, wengine Tukuyu, wilayani Rungwe. Chai ipo kote kuwili, na ipo Lupembe kule Njombe pia, kwa hiyo chai peke yake haimalizi ubishi.

Hatua ya 1: Skani kubwa, kisha kata pembe

Skani picha kwa dpi 600 au zaidi, kisha kuza pembe moja moja badala ya kuitazama yote kwa pamoja. Katika picha yetu jiko lilikuwa nyuma ya nyumba, nusu yake imefichwa na mtoto. Bila kukuza usingeliona.

Kabla ya kuamini rangi yoyote, tafuta kitu unachojua kuwa ni cheupe, mfano shati la shule. Picha za rangi za zamani hugeuka kuwa nyekundu zinapochakaa. Shati likionekana la waridi, udongo mwekundu unaouona si ushahidi.

Hatua ya 2: Soma paa kama kipimo cha mvua

Nyasi hazihimili mvua nyingi zikilala. Penye mvua kubwa paa la nyasi husimama wima zaidi na upenu hushuka chini kulinda ukuta. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na jiko la nyasi la kule linaonyesha hivyo: paa lenye ncha, nyasi nene, ukuta mfupi uliofunikwa karibu nusu.

Kinyume chake ni tembe. Paa lake ni tambarare, boriti na fito zimefunikwa udongo, na mara nyingi utaona magugu yameota juu au mazao yameanikwa. Paa kama hilo lingeyeyuka Rungwe katika msimu mmoja. Ukiliona kwenye picha ya mkoa wa Iringa, fikiria upande mkavu wa kaskazini, Isimani na Pawaga, kuelekea Mtera kwenye mibuyu. Lakini tembe ni jengo la Wagogo pia, na linaendelea Dodoma hadi Singida, kwa hiyo linakuondoa kwenye milima bila kukuhakikishia Iringa.

Paa la jiko letu lilikuwa la nyasi, refu, lenye upenu wa chini. Isimani imetoka. Mufindi, Lupembe na Rungwe zote bado zimo, maana zote zina mvua ya kutosha kuotesha chai.

Hatua ya 3: Tafuta mahali udongo ulipobanduka

Hapa ndipo kazi ilipo. Ukuta uliokandikwa vizuri huficha kila kitu, lakini karibu kila jiko lina kona iliyobanduka, hasa chini panaporukiwa na matone ya mvua. Kuza hapo uone mifupa ya ukuta.

Ukiona miti ya mviringo iliyosimamishwa na fito zimefungwa kwa kulala, hujapata kitu, maana hujengwa hivyo nchi nzima. Ukiona mabanzi, yaani vipande vya pembeni vya gogo vyenye gome upande mmoja, uko karibu na mashine za kupasua mbao. Kwa ukanda huu hiyo ni Mufindi, jirani na msitu wa kupandwa wa Sao Hill, au Njombe. Mabanzi huenda kwenye majiko, mabanda ya nguruwe, vyoo na ua. Yana kikomo chake, kwa kuwa hubebwa kwa lori hadi mjini. Lakini kijiji kizima kikiwa na ua wa mabanzi, mashine haiko mbali.

Ukiona mianzi iliyosimama imebanana, elekea Rungwe. Wanyakyusa wamejenga kwa mianzi tangu zamani, na katika picha za kale sana utaona hata kuta zinazolalia nje kadiri zinavyopanda kukutana na paa. Kwenye picha yetu, kona ya jiko ilionyesha mianzi iliyosimama, na masizi yamepenya katikati yake. Banzi halikuonekana popote.

Hatua ya 4: Angalia mmea unaogusa nyumba

Mianzi inaweza kukudanganya, kwa sababu Iringa na Njombe nako ipo tele. Ila kule hupandwa kwa ajili ya ulanzi, pombe ya utomvu wa mwanzi: vichaka karibu na nyumba, machipukizi yamekatwa ncha, na msimu wa mvua yanakingiwa mbeta, yaani vyombo vya kukingia utomvu huo. Mwanzi unaogemwa haukui kuwa nguzo. Basi uliza mwanzi kwenye picha umesimama kichakani ukiwa umekatwa ncha, au umeingia ukutani.

Rungwe nyumba huzama ndani ya migomba. Majani hugusa paa na mara nyingi huwezi kuona nyumba ya jirani. Mufindi ya juu, pale baridi inapouma, uwanja huwa wazi zaidi na nyuma yake kuna misindano au mikaratusi. Tahadhari moja: ukishuka bondeni Mufindi migomba hurudi. Ndiyo maana mgomba huja baada ya ukuta, si kabla.

Picha yetu ilikuwa na migomba pande mbili, juu ya bati na juu ya nyasi.

Hatua ya 5: Jaribu kuliangusha jibu lako

Fungua Google Earth Pro, nenda Tukuyu, shuka usawa wa macho kisha inamisha mwonekano hadi upeo uonekane. Zunguka ukilinganisha mstari wa milima na ule wa kwenye picha. Fanya hivyohivyo Mufindi na Lupembe, kwa muda uleule. Ukipima upande unaoupenda tu, utaufananisha kwa nguvu. Nyuma ya chai yetu kulikuwa na bega pana la mlima mmoja mkubwa, likipanda taratibu kushoto. Mlima Rungwe ulikubali umbo hilo ukitazamwa kutoka kusini. Mufindi ilitoa vilima vifupi vinavyofuatana, hakuna bega.

Usitumie nyumba za kambi ya kampuni wala kanisa kama ushahidi. Kambi hujengwa kwa ramani moja, safu kwa safu, na majengo ya misheni yenye vigae hufanana toka Rungwe hadi Njombe.

Unapoandika maelezo nyuma ya nakala, tenganisha ulichoona na ulichokisia. Kwa picha hii yaliandikwa hivi: "Rungwe, eneo la chai karibu na Tukuyu. Msingi: jiko la mianzi na nyasi, migomba, umbo la mlima. Kijiji hakijatambuliwa. Mwaka haujulikani."